PICO, PEO au SPIDER? Tulinganishe kwa kitovu cha mtoto mchanga kabla hujaanza kusachi

Wanafunzi wa uuguzi na ukunga wakipewa asaimenti ya EBP, yaani ile ya kuchukua tatizo la wodini na kulitafutia ushahidi wa tafiti, wengi wanakwama kabla hata ya kufungua PubMed, ile databesi ya makala za afya. Kwenye fremu za kupanga swali kwa herufi kabla ya kusachi wanajua kuna PICO, wamesikia kuna PEO, kuna mtu kawaambia SPIDER ndo nzuri kwa mambo ya uzoefu wa wagonjwa, sasa anachagua kwa kubahatisha, anajaza herufi, anasachi, anapata aidha makala elfu kadhaa au sifuri. Kuzieleza moja moja hewani hakusaidii sana, kwahiyo hapa nachukua tatizo moja tu, kitovu cha mtoto mchanga, nalipitisha kwenye zote ili uone kila moja inakupa swali gani na inakunyima nini.

Tatizo lenyewe liko hivi. Kliniki ya baada ya kujifungua, mtoto ana siku 3, nesi anafungua kanga anakuta kitovu kimepakwa majivu na mafuta. Anasafisha taratibu, anaangalia kama kuna wekundu pembeni ya shina, usaha, harufu, hakuna. Anasema, "Mama, kitovu kiache kikavu, usipake kitu chochote." Mama anajibu kwa upole, "Sawa dada, ila bibi yake kasema kisipopakwa hakikatiki upesi, na pale nyumbani yeye ndo anamuogesha." Mwanafunzi aliyesimama pembeni anauliza, mbona kuna sehemu wanapaka jeli ya klorheksidini, sisi kwanini hatupaki?

Sasa angalia, hapo kwenye dakika 5 kuna maswali manne tofauti na kila moja lina makao yake. Klorheksidini ni nini na inaua vijidudu vipi. Je tukipaka klorheksidini badala ya kuacha kikavu, watoto watapona zaidi. Je kupaka majivu na vitu vingine vya nyumbani kunaongeza maambukizi. Na mwisho, kwanini akina mama na mabibi wanapaka, wanaogopa nini. Kosa kubwa ninaloliona kwenye asaimenti ni mwanafunzi kuyabeba yote manne kwenye sentensi moja alafu kuilazimisha iingie kwenye PICO. Haiingii, na ukiilazimisha sachi yako itakuwa mbovu hata ukiandika vizuri vipi.

Lile swali la kwanza nalimaliza haraka. Hilo ni swali la usuli, unalijibu kwa kitabu cha famasia au mwongozo wa matibabu, halihitaji fremu yoyote na halihitaji databesi. Ukiona swali lako linajibika kwa ukurasa mmoja wa kitabu, ujue bado hujafika kwenye swali la asaimenti.

PICO: pale unapotaka kujua kipi kinafanya kazi zaidi ya kipi

PICO imekuwepo tangu 1995, na imejengwa kwa ajili ya swali lenye kitendo na mbadala wake. P ni wahusika, I ni afua unayofikiria, C ni kile unacholinganisha nacho, O ni matokeo unayotaka kuyapima. Kwa kitovu inakuja hivi: kwa watoto wachanga (P), je kupaka klorheksidini kila siku (I) ukilinganisha na kuacha kitovu kikavu (C) kunapunguza vifo vya siku 28 za kwanza (O)?

Inaonekana imekamilika. Haijakamilika, na tatizo liko kwenye P. "Watoto wachanga" ni wa wapi, wamezaliwa wapi? Hapa sio suala la kupendezesha sentensi, jibu lenyewe linabadilika. Majaribio makubwa ya kwanza ya klorheksidini kwenye kitovu yalifanyika vijijini Asia ya Kusini, Nepal matokeo yalitoka 2006, Bangladesh na Pakistan 2012, sehemu ambazo akina mama wengi walikuwa wanajifungulia nyumbani. Nepal walikuta maambukizi makali ya kitovu yamepungua kwa asilimia 75, na yote matatu kwa ujumla yalielekea kwenye kupunguza vifo. Mapitio ya kimfumo ya Cochrane ya 2013 yakayaunganisha yakasema klorheksidini inapunguza vifo kwenye jamii, lakini kwa waliozaliwa hospitali ushahidi wa faida hiyo haukuonekana.

Alafu 2016 yakatoka majaribio mawili ya Afrika, moja la Zambia na moja la kwetu kabisa, Pemba. La Pemba liliandikisha watoto 36,911. Waliopakwa klorheksidini walifariki 10.5 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, walioachwa kitovu kikavu 11.7 kwa kila 1,000, na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba huwezi kusema sio bahati tu. Zambia nako hawakuona vifo kupungua. Kwahiyo mwanafunzi aliyeandika P yake "watoto wachanga" tu akaishia kwenye Cochrane ya 2013 atapendekeza klorheksidini kwa wodi yake, na aliyeandika "watoto wachanga Afrika Mashariki waliozaliwa kituo cha afya" atafika kwenye jibu lingine kabisa, wote wametumia PICO ile ile.

Na sababu inaeleweka ukitulia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa pendekezo lake 2013 liliweka klorheksidini kwa watoto waliozaliwa nyumbani sehemu zenye vifo vya watoto wachanga 30 au zaidi kwa kila 1,000. Pemba kundi la kikavu lilikuwa na 11.7, yaani vifo vya kupunguza vilikuwa vichache tangu mwanzo. Mwongozo wao wa 2022 umeenda mbali zaidi, unasema kitovu kiachwe kisafi na kikavu, klorheksidini ibaki kwa zile sehemu ambazo watu wamezoea kupaka vitu hatarishi kama kinyesi cha wanyama. Ukisoma hiyo mistari miwili unaona P tayari imeshakugawia makundi: amezaliwa wapi, vifo vya eneo hilo vikoje, na watu wanapaka nini. Hayo matatu ndo ya kujiuliza kuhusu P yako.

O nayo iangalie. Wanafunzi wengi wanaandika "kuboresha afya ya mtoto", hiyo haipimiki. Kwenye kitovu matokeo ni kama matatu: kifo, maambukizi ya kitovu, na siku za kukatika. Na hapa kuna kitu kizuri sana cha kukijua, klorheksidini inachelewesha kitovu kukatika. Sasa kumbuka yule bibi, wasiwasi wake wote ni kitovu kukatika upesi! Ukichagua O ya maambukizi peke yake hutakutana na hilo, utapendekeza jeli kwa familia ambayo siku ya 8 itaona kitovu bado kipo na itarudi kwenye majivu. Mimi kwa asaimenti ningeweka O moja kuu na moja ya pili, maambukizi kwanza alafu siku za kukatika. Kama maelekezo yanakuruhusu kutaja madhara, taja na macho, maana 2018 WHO ilitoa tahadhari baada ya watoto kuumizwa macho kwa klorheksidini iliyowekwa machoni kimakosa ikidhaniwa ni dawa ya macho.

C ndo herufi inayopuuzwa. "Huduma ya kawaida" sio C mpaka useme kawaida ni ipi. Wodini kawaida ni kikavu, nyumbani kawaida inaweza kuwa majivu, mafuta, maziwa ya mama au mate. Klorheksidini dhidi ya kikavu ni swali moja, klorheksidini dhidi ya majivu ni swali lingine, na jibu la pili sio lazima lifanane na la kwanza.

PICO kwenye kisanduku cha kusachi

Hapa watu wanapoteza muda mwingi, kwahiyo nitakaa kidogo. Herufi nne za swali hazimaanishi mistari minne ya sachi. Kila AND, yaani lile neno linalounganisha mistari na kudai yote iwepo, unayoongeza ni kama kubadilisha chekeche uweke la matundu madogo zaidi, na matokeo ndo yanayopenya kwa shida kuliko vyote. Mtafiti mmoja ataandika mortality kwenye muhtasari wake, mwingine deaths, mwingine survival. Ukiweka AND mortality unawatupa wawili bila kujua. Kwahiyo anza na I na P tu, na C na O vitumie kwa macho yako wakati unasoma vichwa na mihtasari:

```
("Umbilical Cord"[Mesh] OR umbilic*[tiab] OR "cord care"[tiab])
AND ("Chlorhexidine"[Mesh] OR chlorhexidine[tiab])
AND ("Infant, Newborn"[Mesh] OR newborn*[tiab] OR neonat*[tiab])
```

Maelezo mafupi kwa ambao ndo mara ya kwanza. [Mesh] ni yale maneno rasmi ambayo makala zinabandikwa kwenye PubMed, [tiab] inatafuta kwenye kichwa na muhtasari, nyota inachukua miisho yote ya neno. Unahitaji Mesh na tiab pamoja kwasababu makala mpya zinaweza kuwa hazijabandikwa bado, ukitegemea Mesh peke yake utazikosa. Na usiandike sentensi nzima ya swali kama unavyogugo, PubMed itajaribu kutafsiri kila neno na utaletewa vitu vya ajabu. Ukitaka kuona imekuelewa vipi, nenda Advanced, chini kuna History, fungua Details ya sachi yako. Soma pale, utaona kama imekusoma ulivyokusudia.

Utajuaje sachi yako ni nzima? Idadi peke yake haikuambii. Njia ninayoiamini ni kuchukua makala moja ambayo una uhakika lazima iwepo, kwa swali hili ni ile ya Pemba, alafu kuangalia kama sachi yako inaishika. Ukiwa Advanced, tuseme sachi yako ni namba 1 kwenye History, unaandika:

```
#1 AND Pemba[tiab]
```

Ikija, sawa. Isipokuja, kuna mstari mmoja unaiua, ondoa mmoja mmoja mpaka ionekane na utamjua mkosaji. Hii inachukua dakika chache na inaokoa usiku mzima. Ukiipata yenyewe utaisoma bure pia, jarida lililoichapisha liko wazi kwa kila mtu, na ile ya Zambia vilevile. Kwa makala zilizofungwa muulize mkutubi wa chuo kama mna Hinari, ile huduma inayofungulia vyuo majarida ya kulipia.

PEO: pale hakuna unachompa mgonjwa

Turudi kwenye swali la tatu, kama kupaka majivu kunaongeza maambukizi. Huwezi kulifanya PICO kwa haki, maana hakuna nesi atakayegawa majivu kwa nusu ya watoto kwa kurusha shilingi, haikubaliki kimaadili. Hapo kitu kimeshatokea chenyewe nyumbani, wewe unaangalia kilichofuata. PEO ni ya hapo: P wahusika, E kile walichokutana nacho, O matokeo. Kwa watoto waliozaliwa nyumbani (P), je kupakwa vitu vya nyumbani kitovuni (E) kunahusiana na maambukizi ya kitovu (O)?

Ukiiangalia juu juu unaona ni PICO iliyotolewa C. Kwenye karatasi ndiyo, ila tofauti yenyewe iko kwenye aina ya tafiti utakazopata. PICO ya matibabu inakupeleka kwenye majaribio ya nasibu, PEO inakupeleka kwenye tafiti za kufuatilia watu na za kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Hiyo inabadilisha mpaka sehemu ya pili ya asaimenti yako, ile ya kuchambua ubora, kwasababu fomu ya kuchambua jaribio la nasibu haifanyi kazi kwa utafiti wa kufuatilia. Na inabadilisha hitimisho. Familia inayopaka majivu inaweza pia kuwa ile iliyojifungulia mbali na kituo, imekata kitovu kwa wembe usiochemshwa, haina maji ya kutosha. Maambukizi yakiongezeka huwezi kuyabebesha majivu peke yake, na mwalimu anayejua kazi yake atakuuliza hapo hapo.

PEO ina matumizi ya pili na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Kwenye kozi nyingi za uuguzi inatumika pia kwa uzoefu wa watu, O inakuwa mitazamo au imani badala ya ugonjwa. Kwa hiyo swali la nne nalo linaweza kuingia: kwa mama na bibi (P), kuhusu utunzaji wa kitovu nyumbani (E), wana imani na sababu gani (O)? Sachi yake:

```
(mother*[tiab] OR caregiver*[tiab] OR grandmother*[tiab])
AND ("cord care"[tiab] OR "umbilical cord"[tiab])
AND (belief*[tiab] OR practice*[tiab] OR perception*[tiab])
```

Hii itakuletea vitu vingi vya kuhesabu asilimia, wangapi wanapaka nini, na vichache vya kusikiliza watu. Kama unachotaka ni kuelewa kwanini bibi anapaka, zile asilimia hazikuambii. Zinazokuambia ni zile mtafiti amekaa na familia akaulizia, ndo unakutana na hofu kama ile ya kitovu kuangukia sehemu za siri za mtoto wa kiume akaja kukosa uzazi, hofu ambayo ukiijua ushauri wako wa kliniki unabadilika kabisa.

SPIDER: inachuja vizuri, inaacha vingi

SPIDER ilitoka 2012 mahsusi kwa tafiti za kusikiliza watu. S ni sampuli, PI ni jambo linalochunguzwa, D ni jinsi data ilivyokusanywa kama mahojiano au vikundi vya majadiliano, E ni tathmini yaani mitazamo na hisia, R ni aina ya utafiti. Swali letu la nne linakaa kwa raha: mama na bibi (S), kupaka vitu kitovuni (PI), mahojiano na vikundi (D), imani na hofu (E), tafiti za kimaelezo (R).

Uzuri wake upo kwenye D na R. Ukiuongeza mstari huu kwenye ile sachi ya PEO, zile za asilimia nyingi zinaanguka:

```
AND (qualitative[tiab] OR interview*[tiab] OR "focus group*"[tiab])
```

Ubaya wake ni kwamba ukifuata sehemu zote tano una mistari mitano ya kuunganisha kwa AND, na tumeshaona AND inafanya nini. 2014 kuna watafiti walizilinganisha PICO na SPIDER kwa kusachi mada moja ya kimaelezo, SPIDER ikaleta takataka chache zaidi lakini ikakosa makala zilizohusika, wakashauri kama unataka kupata vyote bora PICO. Ukiwa na haraka ya asaimenti unaweza kuona kukosa chache sio shida, lakini tafiti za kimaelezo za kitovu Afrika Mashariki hazijazagaa kiasi hicho, ukikosa 2 umekosa nyingi.

Kwahiyo mimi sisachi kwa SPIDER nzima. Naandika swali kwa PEO, nasachi kwa P na E kwanza, nikiona matokeo ni mengi kuliko naweza kusoma ndo naazima ule mstari mmoja wa SPIDER. Yakiwa chini ya mia hivi sihitaji mstari wowote wa ziada, nasoma vichwa kwa macho.

Kuna moja zaidi ambayo inafanana jina na inawaangusha watu, PICo yenye o ndogo, inatumiwa sana na watu wa JBI, taasisi inayotengeneza mapitio ya tafiti na fomu za kuchambua ubora. Hii ni kitu kingine: P wahusika, I ni jambo linalokuvutia, Co ni mazingira. Hakuna mbadala na hakuna kipimo cha matokeo. Ni nzuri kama maelekezo ya asaimenti yanakulazimisha "lazima PICO" na swali lako ni la uzoefu, unamuuliza mwalimu kama PICo inakubalika, mara nyingi inakubalika, na ile Co inakupa nafasi halali ya kuandika Tanzania au Kenya au vijijini bila kuibana kwenye P. Ila usiiandike kwa o kubwa ukaeleza kwa o ndogo, anayesahihisha ataona umechanganya.

Nikiziweka pembeni kwa pembeni kwa tatizo letu:

| | PICO | PEO | SPIDER |
|---|---|---|---|
| Swali la kitovu | Klorheksidini au kikavu? | Vitu vya nyumbani vinahusiana na maambukizi? | Kwanini bibi anapaka? |
| Tafiti utakazopata | Majaribio ya nasibu, mapitio | Za kufuatilia, za kulinganisha | Mahojiano, majadiliano |
| Herufi za kuanzia kusachi | P na I | P na E | S na PI, alafu D ikibidi |
| Inapokuumiza | P ikiwa pana mno | Ukidhani uhusiano ni chanzo | Inakosa makala |

Sasa uchague ipi

Usianze na fremu. Anza na kitendo utakachopendekeza mwisho wa asaimenti. Kama pendekezo lako litakuwa "wodi ianze au iache kupaka klorheksidini", hilo ni la PICO, hakuna mjadala. Kama litakuwa "tuwaulize akina mama wote wamepaka nini na tuwafuatilie kwa karibu waliopaka", hapo unahitaji kujua hatari, ni PEO. Kama litakuwa "tubadilishe namna tunavyoongea na mabibi siku ya ruhusa", unahitaji kujua wanachoamini, ni PEO ya uzoefu au PICo, na SPIDER ukipenda kuchuja.

Kwa hili tatizo la kitovu, ukiniuliza ningechagua lipi, kwa wodi ya kituo cha afya Tanzania leo ningechukua lile la bibi. Swali la klorheksidini kwa waliozaliwa kituoni limeshajibiwa vya kutosha, mwongozo upo, utaandika asaimenti nzuri ila hutabadilisha kitu. Mtoto yule wa siku 3 hakuwa na shida ya kukosa jeli, alikuwa na watu wawili wanaompa maelekezo yanayogongana, na nesi hakujua sababu ya upande wa pili. Ila kama mwalimu anataka jaribio la nasibu la kuchambua, chukua PICO, una tafiti kubwa 5 zilizofanyika vizuri na zinazotofautiana, hiyo ni raha ya kuchambua maana una kitu cha kusema kuhusu kwanini zinatofautiana.

Tahadhari moja kwa watakaochukua PICO. Maelekezo mengi ya asaimenti yanasema tumia makala za miaka 5 iliyopita, mwanafunzi anabofya kichujio cha miaka 5 hata kabla ya kuangalia kilichopo. Kwa swali hili kichujio hicho kinafuta majaribio yote matano kwa mpigo, 2006, 2012 na 2016 yote yanaondoka, unabaki na tafiti ndogo ndogo unajenga hitimisho juu yake. Sachi kwanza bila tarehe, ona ushahidi mzito uko mwaka gani, alafu mwandikie mwalimu mistari miwili: jaribio kubwa la Tanzania ni la 2016, naomba kulitumia kwasababu ndo linalofanana na wagonjwa wetu. Ukiweka sababu hivyo wengi wanakubali. Kama hakubali, tumia mwongozo wa WHO wa 2022 kama mlango, maana tafiti zile ziko ndani yake, ingawa nao utakuja kupitwa na hicho kichujio muda si mrefu.

Na swali likibadilika katikati ya kusachi, acha libadilike. Umeanza na "watoto wachanga", umesoma Cochrane, umegundua waliozaliwa nyumbani na waliozaliwa kituoni wana majibu tofauti, rudi urekebishe P. Andika toleo la kwanza, toleo la mwisho, tarehe uliyosachi, mistari uliyotumia kama ilivyo na idadi uliyopata kila mara. Sehemu ya njia ya kusachi inabeba maksi zake, na anayesahihisha anatakiwa aweze kuichukua mistari yako, aibandike PubMed, aone kile ulichokiona wewe.